Simu Ikikuambia "Cannot Verify Server Identity", Usibonyeze Continue Kabla Ucheki Hii Kitu

Umepata imeili ya mboka mpya, ama umejinunulia domeini ya hasla yako ndio klaienti waache kukuona kama msee wa mkokoteni. Unafungua setingi za simu, unaweka adresi, unaweka paswadi, unabonyeza kuendelea. Badala ya inboksi unapata kiboksi kimesimama katikati ya skrini: "Cannot Verify Server Identity". Chini yake kuna Continue, Details na Cancel. Wengi wanabonyeza Continue vile mtu hukubali masharti ya apu bila kusoma, juu wanataka kitu ifunguke waendelee na maisha.

Sasa skiza. Saa hiyo kiboksi kiko kwa skrini, paswadi yako bado haijatoka kwa simu. Simu ikienda kwa sava ya imeili, sava ndio hutangulia kujitambulisha. Inatoa cheti, simu inakikagua, na ikiridhika ndio hao wawili wanafunga mazungumzo yao kwa siri na paswadi inatumwa. Simu ikiona cheti hakieleweki, inasimama hapo na kukuuliza wewe. Yaani wewe ndio umekuwa soja wa geti. Ukibonyeza Cancel, hakuna kitu umepoteza. Ukibonyeza Continue, paswadi inaenda kwa yeyote amekaa upande ule mwingine, awe ni sava yako kweli ama msee amejiweka katikati.

Na usidhani mtu akipata hiyo paswadi ataanza kukutumia matusi. Mwizi mwerevu hukaa kimya. Anasoma imeili zako wiki mbili, anangoja utume invoisi, halafu anaandikia klaienti kutoka kwa akaunti yako mwenyewe: samahani, tumebadilisha namba ya till. Klaienti analipa. Wewe unangoja doo, klaienti anasema alishatuma, na mnaanza kukosana nyinyi wawili wakati mwenye pesa ako kejani anakula chipo mwitu.

Cheti kinaangaliwa mambo matatu tu

Ukiingia jengo flani pale town na soja akuitishe kitambulisho, anaangalia kama jina ni lako, kama kilitolewa na watu wanajulikana, na kama kimepitwa na wakati. Simu hufanya hivyo hivyo. Jina kwa cheti lazima lifanane na jina la sava wewe uliandika kwa setingi. Aliyekitoa lazima awe kwa orodha ya watoaji wenye simu inaamini. Na leo lazima iwe kati ya tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Outlook ya kompyuta hukuandikia hayo mambo matatu moja kwa moja. Inaleta kiboksi kimeandikwa "Security Alert" chenye mistari mitatu, na kila mstari uko na alama ya kijani ama ekisi nyekundu. Kwa iPhone lazima ubonyeze Details ndio uone jina, mtoaji na tarehe. Thunderbird nayo hukuletea dirisha la "Add Security Exception" lenye kitufe cha View. Simu yoyote ile, kazi yako ya kwanza ni kujua ni mstari gani umefeli. Juu kufeli kwa jina na kufeli kwa mtoaji ni story mbili tofauti kabisa, hata kama kiboksi kinatisha sawa.

Tuichambue moja mpaka mwisho

Tuseme unauza keki Umoja na domeini yako ni kekizaumo.co.ke. Kampuni inayokuhostia tuiite hostiflani.co.ke. (Majina yote mawili nimeyatunga, usiende kuyatafuta.) Kwa setingi za simu, pale kwa sava ya kupokea, umeandika mail.kekizaumo.co.ke juu ndio inakaa sawa. Kiboksi kinakuja. Unabonyeza Details na unapata hivi: cheti kimeandikwa srv14.hostiflani.co.ke, kimetolewa na Let's Encrypt, na kinaisha miezi miwili kutoka leo.

Mtoaji yuko fiti, Let's Encrypt inatambulika na simu zote za siku hizi. Tarehe iko sawa. Kilichofeli ni jina peke yake. Wewe umeitisha mail.kekizaumo.co.ke, na aliyefungua mlango anasema yeye ni srv14.hostiflani.co.ke.

Hii ndio sababu ya kawaida sana kwa hasla ndogo, na mara nyingi haina uchawi wowote. Hostingi ya bei ya chini ni kama ploti. Sava moja imebeba wateja wengi, kila mmoja na domeini yake, lakini geti ni moja na bango la geti limeandikwa jina la mwenye nyumba. Ukigonga ukiitisha jina lako, unaonyeshwa cheti cha landilodi.

Lakini hapa ndio wasee huteleza. Wanaona mtoaji ni Let's Encrypt, wanaona alama mbili za kijani, wanasema hiyo ni sawa, twende. Zii. Let's Encrypt hupeana vyeti bure kwa mtu yeyote anayeweza kuonyesha kuwa domeini ni yake. Mwizi akisajili hostifani.co.ke, bila ile herufi "l", atapewa cheti halali kabisa cha hostifani.co.ke, na hakuna mtu amevunja sheria yoyote ya kutoa vyeti. Kwa hivyo mtoaji kuwa poa inamaanisha tu kwamba jina liko kwa cheti ni la mwenye hiyo sava. Swali linabaki: hilo jina wewe unalijua?

Jibu usilitafute kwa kiboksi. Litafute mahali pengine. Siku ulilipia hostingi ulitumiwa imeili ya kukukaribisha, na hapo huwa wameandika jina la sava yako. Kama uliifuta, andika mwenyewe adresi ya kampuni kwa brauza, ingia kwa cPanel, enda Email Accounts, kando ya akaunti yako bonyeza Connect Devices. Utapata sehemu ya "Secure SSL/TLS Settings" ikiwa na jina la sava wanataka utumie. Linganisha na lile uliona kwa cheti, herufi kwa herufi, ukianzia mwisho ukirudi nyuma. Ujanja wa majina huwa umejificha pale katikati, na mwisho wa jina ndio unasema mwenyewe ni nani. srv14.hostiflani.co.ke.login-mail.com si ya hostiflani hata kidogo, ni ya mwenye login-mail.com.

Tuseme yamefanana. Sasa ubonyeze Continue? Bado. Umeshajua jina la ukweli la sava, basi rudi kwa setingi uliandike hilo:

```
Incoming server: srv14.hostiflani.co.ke
Port: 993
Security: SSL/TLS
Username: oda@kekizaumo.co.ke
Outgoing server: srv14.hostiflani.co.ke
Port: 465
Security: SSL/TLS
```

Kiboksi hakitarudi. Imeili yako bado itaonekana inatoka oda@kekizaumo.co.ke, klaienti hawaoni jina la sava wakiisoma kawaida. Usisahau sava ya kutuma, hapo chini. Watu hubadilisha ya kupokea pekee, halafu siku ya kujibu imeili ya kwanza kiboksi kinatokea tena na wanashangaa.

Kuna njia ya pili kama unataka kubaki na jina lako. Ndani ya cPanel kuna SSL/TLS Status. Ukiona mail.kekizaumo.co.ke haina kufuli ya kijani, bonyeza Run AutoSSL na ungoje. Sava itaitisha cheti cha jina lako bure. Itafanya kazi kama hilo jina tayari linaelekezwa kwa sava hiyo hiyo. Kama domeini ulinunua kwa kampuni moja na hostingi uko nayo kwa nyingine, hapo ndio hukwama, na itabidi uwapigie.

Mbona nakusumbua hivi na ungekubali tu cheti, bora umeshajua ni cha nani? Juu ruhusa unayopeana imeshikanishwa na hicho cheti kimoja. Vyeti vya Let's Encrypt kwa miaka mingi vimekuwa vya siku 90, na sava huvibadilisha kabla viishe. Kikibadilika, ruhusa yako haina maana tena na kiboksi kinarudi. Unakubali. Kinarudi tena, unakubali tena. Baada ya mwaka mmoja umejifunza kubonyeza bila kuangalia, na siku kiboksi kitakuwa cha mwizi, kidole chako hakitajua tofauti.

Ikiwa ni tarehe imefeli

Cheki saa ya simu kwanza. Si mzaha. Simu ya mitumba iliyozima betri kabisa inaweza amka ikifikiria ni mwaka mwingine, na hapo kila cheti duniani kitaonekana hakijaanza ama kimeisha. Washa tarehe ya kujiweka yenyewe, jaribu tena.

Kama saa iko sawa na cheti kweli kiliisha jana, mara nyingi ni mtu wa hostingi amelala, sava ilishindwa kujisasishia cheti. Ukweli ni kwamba cheti chenye jina sahihi na mtoaji sahihi, kimeisha jana, si dalili ya wizi mara nyingi. Bado mimi siwezi kikubali. Piga simu, waambie cheti kimeisha, na ungoje. Wakiamka ni kazi ya dakika chache. Kama kina miezi sita tangu kiishe na hakuna mtu amejali, hiyo nayo inakuambia kitu kuhusu kampuni yenyewe.

Mtoaji akifeli, hapo ndio noma

Huu ndio mstari wa kuogopa. Inamaanisha cheti kinaweza kuwa na jina lako sahihi kabisa, mail.kekizaumo.co.ke, tarehe safi, lakini hakuna mtu anayeaminika amekitia sahihi. Mara nyingi ukiangalia aliyetoa na aliyepewa utapata ni jina moja. Sava imejiandikia kitambulisho yenyewe. Mtu yeyote mwenye laptopu anaweza kutengeneza kama hicho kwa sekunde chache na akaandika jina analotaka, hata lako.

Jaribio la kwanza ni rahisi na halihitaji utaalamu. Zima waifai, washa data, jaribu kuongeza akaunti tena. Kiboksi kikipotea ukiwa kwa data, shida ilikuwa hiyo waifai. Inaweza kuwa waifai ya mkahawa ile inataka uweke namba ya simu kwanza kabla ikufungulie. Hiyo hukamata kila kitu simu inatuma mpaka ujiandikishe, na apu ya imeili inajikuta imepewa cheti cha mkahawa. Fungua brauza, maliza kujiandikisha, urudi. Lakini kama ulishajiandikisha na kurasa zinafunguka vizuri, na bado imeili inaletewa cheti tofauti, toka kwa hiyo waifai na usiongeze akaunti ukiwa hapo. Usijaribu kujua ni nani anafanya hivyo. Maliza chai, enda home.

Kikibaki kile kile hata kwa data, basi waifai haina makosa. Inaweza kuwa sava yenyewe inatumia cheti cha kujiandikia, kitu bado unapata kwa ofisi ndogo zenye sava yao kwa kabati. Hapa ndio mahali pekee kukubali kunaweza kuwa sawa, na kuna sharti. Fungua details za cheti utafute SHA-256 Fingerprint. Ni mstari mrefu wa herufi na namba 64. Mpigie msee wa aiti kwa namba ulikuwa nayo kabla ya leo, mwambie akusomee ya upande wake, wewe ukifuatilia kwa skrini. Zikifanana zote, hicho ni cheti cha sava yenu na unaweza kukiweka. Akikuambia "we kubali tu, hiyo hutokea", hajajibu swali lako. Hajui cheti gani kiko mbele yako, na mwizi angependa sana uambiwe hivyo.

Vitu viwili vingine vinaweza kuleta mstari huu bila mwizi kuwepo. Kwa kompyuta, antivairasi zingine kama Avast hujiweka katikati ya apu na sava ndio zikague imeili, na zinaweka cheti chao. Ukiona jina la antivairasi yako kwa mtoaji, enda kwa setingi zake, usimlaumu hostingi. Ukiona jina la antivairasi ambayo hujawahi weka, hapo ni mambo mengine. Ya pili ni simu kuukuu. Android iliyo chini ya 7.1.1 haina mzizi wa Let's Encrypt kwa orodha yake, na ule mpango uliokuwa unazibeba hizo simu uliisha 2024. Kwa hiyo simu hiyo itakataa vyeti vizuri kabisa. Linganisha na simu ya beshte yako kwa waifai hiyo hiyo. Yake ikikubali na yako ikatae, umepata jibu.

Gmail na wakubwa wengine hawana mjadala

Kuna kesi moja haina haja ya uchunguzi. Ukiongeza akaunti ya Gmail, Outlook, Yahoo ama iCloud na upate onyo la cheti, usikubali kamwe. Hao hawatumii vyeti vya kujiandikia, na sava zao hazishiriki geti na mtu. Kama imap.gmail.com imeleta cheti kibaya, basi ni saa ya simu, ni waifai, ama kuna mtu.

Na wakati mwingine kuna mtu kweli. Mwaka wa 2011 kampuni moja ya Uholanzi ya kutoa vyeti, DigiNotar, ilivamiwa, na wavamizi wakajitolea vyeti vya uongo, kimoja kikiwa cha Google. Kilitumika kusoma Gmail za watu Iran. Brauza nyingi zilinyamaza juu DigiNotar ilikuwa kwa orodha ya kuaminika. Chrome peke yake ilikuwa imefunzwa vyeti vya Google vinatoka kwa nani, ikaleta onyo. Agosti mwaka huo msee mmoja wa Iran aliliona hilo onyo, akauliza hadharani ni nini hiyo. Hapo ndio siri ilifichuka. Uchunguzi ulikuja kupata anwani karibu 300,000 za intaneti zilikuwa zimepitishwa hapo, karibu zote za Iran, na Septemba hiyo hiyo DigiNotar ikafilisika. Fikiria angenyamaza tu.

Setingi ya kuogopa, na kama ulishabonyeza

Simu zingine za Android, ukifika mahali pa aina ya usalama, hukupatia chaguo linaloitwa "SSL/TLS (Accept all certificates)". Kuna fundi atakuambia uchague hiyo ndio kiboksi kiishe. Kitaisha kweli. Kitaisha milele, kwa cheti chochote, kwa waifai yoyote, na simu haitakuuliza tena hata kama paswadi inapewa nani. Hiyo ni kumfuta kazi soja na kuacha geti wazi. Ukipata akaunti yako iko hivyo, rudisha kwa "SSL/TLS" ya kawaida na urekebishe jina la sava kama tulivyofanya pale juu.

Na kama wiki iliyopita ulibonyeza Continue kwa waifai ya watu na saa hii roho inadunda, fanya hivi. Ukiwa kwa data yako, ingia kwa imeili kupitia brauza, badilisha paswadi, na kama hiyo paswadi unaitumia mahali pengine, badilisha huko pia. Halafu kabla utoke, fungua sehemu ya forwarders na filters. Wengi husahau hapa. Mwizi akishaingia huweka sheria ya kujitumia nakala ya kila kitu, na hiyo haiondoki ukibadilisha paswadi. Ukipata adresi hujui, ifute, kisha uwaambie klaienti wa karibuni wakupigie kabla walipie invoisi yoyote yenye namba mpya. Mwisho toa akaunti kwa simu uiweke upya na jina la sava la ukweli. Kwa Thunderbird ruhusa ya zamani hubaki imejificha ndani: enda Settings, Privacy & Security, Manage Certificates, kwa upande wa Servers, tafuta hiyo sava na ubonyeze Delete.